Kabla hujaikabidhi simu tarehe 20, itese wiki moja

Msomaji mwenye duka la vipuri ameuliza: amepanga vikumbusho vipya kwenye simu, kimoja cha kodi ya mishahara ya tarehe 7, kingine cha ritani ya VAT ya tarehe 20. Je, aitoe kalenda ya ukutani? Asiitoe bado. Kwanza aujaribu mpango huo siku saba, kati ya tarehe 8 na 19, kipindi ambacho kikumbusho kikikosea hakuna faini.

Tunga ritani ya uongo inayotakiwa Jumamosi. Jumatatu simu ikwambie ukusanye risiti za EFD, Alhamisi ulinganishe mauzo na manunuzi, Jumamosi utume. Siku za katikati weka vitu vyepesi, kama kununua luku. Kwenye karatasi chora safu tatu: saa uliyopanga, saa iliyolia, na ulichofanya baada ya kusikia.

Kosa la kwanza huwa ni letu wenyewe. Unawaza saa mbili asubuhi, kidole kinaandika 2:00, simu inakuamsha saa nane usiku. Weka saa ya simu kwenye mfumo wa saa 24, kisha andika 08:00.

Halafu itese. Jumanne izime simu dakika kumi kabla ya kengele, kama umeme umekatika na chaji imeisha, uone ukiiwasha kama kikumbusho kinajitokeza au kimepotelea hewani. Jumatano usiku washa hali ya kuokoa betri na usiiguse hadi asubuhi. Simu nyingi za Android hulaza aplikesheni zisizotumika, na dalili yake ni kengele inayolia pale tu unapofungua skrini. Dawa ni kuiruhusu aplikesheni hiyo itumie betri bila kikomo. Ijumaa izime na kuiwasha, usiweke namba ya siri. Baadhi ya vikumbusho husubiri uifungue kwanza.

Safu ya tatu ndiyo inayouma. Simu inaweza kulia kwa wakati, nawe uko juu ya bodaboda, ukakifuta kikumbusho kwa kidole na kusahau. Hapo kuongeza sauti hakusaidii kitu. Hamishia kengele kwenye saa ambayo umekaa mezani na risiti ziko mbele yako, na chagua aina isiyoondoka hadi useme umemaliza.

Wiki moja haiwezi kukuonyesha marudio ya kila mwezi. Kama kuna jambo ulilopanga tarehe 31, peleka kalenda mbele hadi Aprili na Juni utazame: kalenda nyingi za simu huruka miezi isiyo na tarehe hiyo, bila kukuambia. Panga tarehe 28. Na ya ukutani ibaki pale pale hadi tarehe 7 na tarehe 20 za kweli zipite mara moja.