Ankara ya nondo na saruji: karatasi tatu za kulinganisha kabla ya kulipa

Kwenye ujenzi, ankara inayoumiza zaidi huwa halali kabisa. Muuzaji anajulikana, mzigo umefika kweli, risiti ya EFD ipo, ila mzigo wenyewe ni pungufu. LPO, yaani hati ya kuagizia, inasema tani 3 za nondo, ankara inasema tani 3, na GRN, yaani hati ya stoo ya kupokelea mzigo, nayo inasema tani 3 kwa sababu mtunza stoo amenakili delivari aliyokuja nayo dereva. Mhasibu anaona karatasi tatu zinakubaliana, anaandaa malipo. Ukweli ni kwamba ana karatasi mbili tu mkononi, maana GRN ya namna hiyo ni maneno ya muuzaji yaliyohamishiwa kwenye fomu yetu.

Kila karatasi ina swali lake. LPO inajibu tulikubaliana nini na kwa bei gani. GRN inajibu kipi kimeingia stoo na kikakubaliwa. Ankara inasema muuzaji anadai nini. Bei inatoka kwenye LPO, kiasi kinatoka kwenye GRN, na ankara inapimwa kwa hizo mbili. Ndiyo maana aliyeagiza asiwe aliyepokea, na anayelinganisha asiwe mmoja wao. Hata ofisi ya watu watatu inaweza kugawana hivyo.

Kwa hiyo kazi kubwa iko getini kabla haijafika kwa mhasibu. Nakala ya LPO inayokwenda stoo iwe na jina la bidhaa na vipimo vyake, lakini isiwe na bei, na safu ya kiasi iachwe wazi. Mtunza stoo akijua anatarajia mifuko 400, akifika 390 amechoka ataandika 400. Asipojua, atahesabu. Delivari ya dereva aisaini baada ya kuhesabu, na kama kuna upungufu auandike juu ya delivari hiyohiyo, nakala zote, dereva naye atie saini. Saini tupu kwenye delivari ndiyo silaha ya kwanza muuzaji atakayokuja nayo mkibishana.

Saruji ihesabiwe inaposhushwa, kamwe isihesabiwe ikiwa juu ya lori kwa kuzidisha safu kwa urefu. Mifuko ya katikati huionei, na shehena inaweza kupangwa ikaacha pengo ndani. Mtu asimame mlangoni mwa stoo na daftari, apige mistari mitano mitano kadiri wabebaji wanavyopita. Mfuko uliochanika au uliogandia ndani uwekwe pembeni na usiingie kwenye idadi iliyokubaliwa. GRN iwe na safu tatu: kilichofika, kilichokataliwa na sababu yake, kilichokubaliwa. Safu ya tatu ndiyo inayolipiwa.

Nondo ina mitego miwili. Nondo ya mita 12 mara nyingi husafirishwa ikiwa imekunjwa katikati, kwa hiyo upande mmoja wa mzigo una mikunjo na upande wa pili una ncha mbili za kila nondo. Anayehesabu ncha anapata idadi mara mbili, kisha ama anagawa kwa mbili ama anasahau. Hesabu upande wa mkunjo, kwa sababu mkunjo mmoja ni nondo moja.

Mtego wa pili ni unene. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takriban kilo 0.888 kwa mita, yaani kilo 10.66 kwa nondo nzima ya mita 12. Chukua nondo kumi bila kuchagua, zipime. Zikiwa halisi utakuwa karibu na kilo 107. Mzani ukisoma kilo 90 hivi, umeletewa kitu kilicho karibu na milimita 11, hata kama lebo inasema 12. Hapo suala si la kupunguza hela. Vipimo havilingani na LPO, na mhandisi ndiye wa kusema kama mzigo unakubaliwa au unarudi. Mtunza stoo aandike uzito aliousoma, na GRN isifungwe mpaka mhandisi aandike uamuzi wake.

Sasa tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Bei ni za kufanyia hesabu tu. LPO imeagiza saruji mifuko 400 ya kilo 50 kwa Sh 14,000 kila mmoja, na nondo za milimita 12 tani 3 kwa Sh 2,200,000 kwa tani, bei zote kabla ya VAT. Saruji ni Sh 5,600,000, nondo Sh 6,600,000, jumla Sh 12,200,000. Ukiongeza VAT ya 18%, ambayo ni Sh 2,196,000, unapata Sh 14,396,000. Ankara imekuja na Sh 14,396,000 hiyohiyo. Kwa macho ya haraka hakuna tatizo.

GRN inasema: saruji mifuko 400 imefika, 6 imekataliwa kwa kuganda, 394 imekubaliwa. Nondo vipande 270, sampuli ya kumi imepimwa na uzito uko sawa. Ona kwamba LPO na ankara zinazungumza kwa tani, na stoo imezungumza kwa vipande, kama inavyotakiwa, maana hakuna mwenye mzani wa tani 3 getini. Ni hapa ambapo mhasibu mvivu huandika "sawa" na kusonga mbele. Fanya hesabu: 270 mara 10.66 ni takriban kilo 2,878. Zimepungua kilo 122, na tani 3 kamili zingehitaji vipande 281 au 282.

Kinacholipika basi ni saruji 394 kwa 14,000, sawa na Sh 5,516,000, na nondo kilo 2,878 kwa Sh 2,200, sawa na Sh 6,331,600. Jumla ni Sh 11,847,600, VAT Sh 2,132,568, na mwisho Sh 13,980,168. Ankara imezidi kwa Sh 415,832. Hiyo ni kwa lori moja ambalo kila karatasi yake ilikuwa na muhuri.

Dawa yake ianzie kwenye LPO ijayo: andika "nondo milimita 12, mita 12, vipande 282" na bei kwa kipande. Kizio kiwe kile ambacho stoo inaweza kukihesabu.

Tofauti ikishaonekana, usikate namba kwenye ankara kwa kalamu ukalipa pungufu. Ankara ile imeshatolewa kwa Sh 14,396,000, pengine na risiti ya EFD ya kiasi hichohicho, na vitabu vya muuzaji vitaendelea kukudai tofauti. Mwandikie, mwambatishie nakala ya GRN na delivari yenye saini ya dereva, umwombe krediti noti, yaani hati ya kupunguza deni la ankara hiyo, ya Sh 415,832 VAT ikiwa ndani. Au alete mifuko 6 na vipande vilivyobaki, vikaingizwa kwa GRN mpya. Mojawapo, si zote mbili. Nimeona mafaili yenye krediti noti na mzigo wa nyongeza pamoja, na mwaka mmoja baadaye hakuna anayejua nani anamdai nani. Kwa VAT, dai kodi ya manunuzi kwa kiasi kilichobaki baada ya krediti noti, na risiti yenyewe ihakiki kwenye verify.tra.go.tz kabla ya kuiweka kwenye faili.

Upande wa bei maneno ni mafupi. Ankara ikija na saruji ya Sh 14,500 kwa hoja kwamba kiwandani imepanda, LPO ndiyo inayoshinda. Kama uongozi umekubali bei mpya, aliyeidhinisha LPO ya kwanza aidhinishe marekebisho yake, yenye tarehe, kabla ya malipo. Simu ya meneja kwa mhasibu haitoshi. Mstari wa usafiri au upakiaji ambao haumo kwenye LPO nao haulipwi mpaka uandikiwe karatasi yake. Hakikisha pia LPO inasema wazi kama bei ina VAT ndani au haina, kwa sababu ugomvi wa 18% nzima huanzia kwenye LPO iliyonyamaza.

Mzigo unaokuja vipande vipande ndio unaowachanganya wengi. Chukulia saruji ile imekuja kwa malori mawili. Lori la kwanza limeleta 250, na muuzaji ameleta ankara ya 400 kwa sababu "lililobaki liko njiani". Ukilinganisha ankara na LPO peke yake, inapita. Kwa hiyo kila mstari wa LPO uwe na rekodi yake ya kudumu: safu B kilichoagizwa, safu C kilichokubaliwa hadi leo kwa GRN zote, safu D kilichokwisha kuidhinishwa kulipwa. Kiasi unachoweza kupitisha sasa ni hiki:

```
=MIN(B2,C2)-D2
```

Kwa lori la kwanza jibu ni 250. Ankara ya 400 inasubiri, au muuzaji atoe ya 250. Fomula hiyo inazuia pia mzigo wa ziada: stoo ikipokea 420 kwa LPO ya 400, hutalipa zaidi ya 400 mpaka kuwe na LPO ya nyongeza au 20 zirudi.

Safu D ndiyo inayokamata ankara iliyoletwa mara mbili. Mara ya kwanza imekuja kwa barua pepe, mara ya pili karatasi halisi, na mmoja ameandika namba "0231" na mwingine "231", kwa hiyo mfumo unaziona mbili tofauti. Ukitafuta kwa namba ya ankara zitakuponyoka. Ukitafuta kwa GRN utagundua kwamba mzigo ule umekwisha kulipiwa na salio ni sifuri. Kwa wanaotumia karatasi, piga muhuri wa IMELIPIWA juu ya GRN na uandike namba ya vocha ya malipo. Muhuri juu ya ankara peke yake hausaidii, maana ankara ina nakala.

Mwisho wa mwezi toa orodha ya mistari ambayo C ni kubwa kuliko D. Huo ni mzigo ulioko stoo, au ulioshatumika kwenye jengo, ambao muuzaji hajaletea ankara au ankara yake imekwama kwenye tofauti. Uingize kama deni kwa bei ya LPO, la sivyo mwezi huo mradi utaonekana umetumia kidogo kuliko ulivyotumia. Mstari uliokaa humo zaidi ya miezi miwili mpigie muuzaji: mara nyingi ankara iko mezani kwa mtu ambaye si mhasibu.