Jaketi la upepo la kukunja: la gramu 70 au la gramu 140?

Swali: Nasafiri sana kwa basi la usiku na kwa feri, na sweta ninalo. Nimeona majaketi mawili ya upepo yanayojikunja ndani ya mfuko wake. Moja limeandikwa gramu 70, jingine gramu 140. Hilo jepesi limepunguzwa nini? Na kweli yanaleta joto, au nitakuwa nimenunua karatasi?

Jibu: Ndugu, tuanze na joto, maana hapo ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kitambaa chenyewe hakina joto la kutaja. Livae juu ya fulana mahali pasipo upepo, na tofauti utakayoisikia ni ndogo sana. Kazi yake ni kulinda hewa iliyotulia ndani ya sweta lako. Hewa hiyo ndiyo blanketi, lakini sweta la kufuma lina matundu, na upepo ukiingia unaifagia yote.

Chukua mfano wa sitaha ya feri: nyuzijoto 10, upepo wa kilomita 30 kwa saa. Kwa kanuni ya baridi ya upepo inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, hali hiyo husikika kama nyuzi 7 hivi. Wauzaji hupenda kusema jaketi "linarudisha" hizo nyuzi tatu. Si kweli. Kanuni ile hukadiria ngozi ya uso iliyo wazi, na uso haufunikwi na jaketi. Faida halisi iko kifuani na mikononi, na ukubwa wake hutegemea ulichovaa ndani. Ukitaka kuiona, vaa sweta, simama mita moja mbele ya feni kwa dakika tano, kisha rudia ukiwa na jaketi juu. Halafu zima feni uendelee kusimama. Utagundua kwamba hewa ikitulia, jaketi halina tena cha kukuongezea. Kwa hiyo ndani ya basi litakufaa kama kiyoyozi kinakupulizia moja kwa moja. Kama basi zima limepoa tu, kinachohitajika ni nguo nyingine nene ya ndani.

Kwa joto, basi, majaketi yako mawili yanakaribiana sana iwapo yote yanazuia upepo sawasawa. Gramu 70 zinazopungua zimetoka kwingine. Angalia unene wa uzi, unaopimwa kwa denia, yaani gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Majaketi mepesi kabisa huwa na nyuzi za denia 7 hadi 10. Mazito kidogo hufika 20. Uzi mwembamba hauharibiki kwa kuvaliwa, huharibiwa na msuguano: mkanda wa begi begani, ukingo wa kiti, msumari. Mengine yaliyopunguzwa utayaona kwa macho: mifuko ya mikono, kamba ya kukazia kofia, pengine hata nusu ya zipu. Ukosefu wa kamba ndio unaoudhi kwenye feri, kwa sababu kofia isiyokazwa hujaa upepo na kutoka kichwani. Na lipime mwenyewe kwa mzani wa jikoni. Uzito ulioandikwa mara nyingi ni wa saizi moja tu, kwa kawaida ya kati.

Sasa mfuko. Tuseme wa jaketi jepesi ni sentimita 10 kwa 13. Likikunjwa linakuwa kama chungwa kubwa, linaingia hata mfuko wa koti. Lakini ukishalivaa, mfuko huohuo ndio wa kuwekea vitu. Pasipoti, ya sentimita 12.5 kwa 8.8, inaingia kwa kubanwa; simu ya sentimita 16 haiingii. Mfuko wa 15 kwa 18 hubeba vyote viwili, ingawa simu nzito huning'inia na kuvuta kitambaa chembamba.

Mfuko mdogo kupita kiasi una dosari nyingine: robo ya mwisho ya jaketi hugoma kuingia, ukilazimisha kichwa cha zipu kwenye kona, meno huachia. Jaribu dukani. Ukihitaji goti kulisindilia, liache.

Kabla ya kulipa, bana kitambaa midomoni upulize. Hewa ikigoma kabisa, utalowa jasho ukipanda ngazi na begi, na sweta lililolowa hupoteza joto lake. Ikipita bila shida, upepo nao utapita. Unataka ipite kwa shida kidogo.

Kwa safari zako, ambazo sehemu kubwa ni kukaa, ningechukua la gramu 70, mradi kofia yake iwe na lastiki inayobana. Kama unavaa begi la mgongoni juu yake kila siku, chukua la 140. Yote mawili yatazuia manyunyu kwa dakika chache tu. Mvua ikinyesha ingia ndani.