Kipimo kinachogundua asilimia 95 ya wagonjwa, na maana ya jibu chanya

Swali: Mhadhiri alitupa mfano wa kipimo kinachogundua asilimia 95 ya wagonjwa, kisha akasema kwamba aliyepata jibu chanya ana uwezekano wa asilimia 16 tu wa kuwa mgonjwa. Inawezekanaje?

Jibu: Asilimia hizo mbili hazipingani, kwa sababu kila moja imehesabiwa ndani ya kundi lake. Ya kwanza, P(chanya | mgonjwa), inahesabiwa miongoni mwa wagonjwa peke yao. Ya pili, P(mgonjwa | chanya), inahesabiwa miongoni mwa wote waliopata jibu chanya, wawe wagonjwa au wazima. Kinachoandikwa baada ya mstari wima ndicho sharti, na sharti ndilo linaloamua tunagawanya kwa idadi ya nani.

Tuchukue watu 10,000, na tuseme asilimia 1 yao wana ugonjwa, huku kipimo kikitoa jibu chanya kimakosa kwa asilimia 5 ya wazima. Bila shaka mhadhiri wako alianza na makadirio kama haya. Wagonjwa ni 100, na kipimo kinawagundua 95. Wazima ni 9,900, na asilimia 5 yao ni watu 495. Majibu chanya yote ni 590, na wagonjwa halisi kati yao ni 95, kwa hiyo uwezekano tunaoutafuta ni 95/590, yaani takriban 0.16. Kosa la kipimo ni dogo, lakini linaangukia kundi kubwa mno, ndiyo maana wazima waliopewa jibu chanya wanawazidi wagonjwa mara tano na zaidi.

Kanuni ya Bayes inaandika hesabu hiyo hiyo kwa ufupi, M ikiwa mgonjwa, Z mzima na C jibu chanya:

```
P(M|C) = P(C|M)P(M) / [P(C|M)P(M) + P(C|Z)P(Z)]
       = 0.0095 / (0.0095 + 0.0495) ≈ 0.16
```

Wanafunzi wengi hukosea kwa kuisahau P(M), kana kwamba kipimo peke yake kinatosha kutoa jibu. Kipimo hicho hicho kikitumiwa kwa watu wenye dalili, ambao tuseme asilimia 20 yao ni wagonjwa, majibu chanya katika kila watu 10,000 yatakuwa 1,900 ya wagonjwa na 400 ya wazima, na uwezekano utapanda hadi takriban 0.83.

Aliyepata jibu chanya akipimwa tena, 0.16 inachukua nafasi ya P(M) katika kanuni, na jibu chanya la pili linafikisha uwezekano kwenye takriban 0.78. Hata hivyo, hatua hiyo ni halali iwapo tu, kwa mtu ambaye hali yake inajulikana, makosa ya vipimo viwili hayategemeani. Ikiwa kuna kitu katika damu ya mzima kinachokidanganya kipimo, kuna hatari ya kukidanganya vilevile mara ya pili, na ndiyo sababu ni afadhali kipimo cha kuthibitisha kiwe kinachofanya kazi kwa njia nyingine.