Ukiwa mafunzoni masjala ya mahakama: fuatilia tarehe ya malipo na mahali lilipo jalada

Mwanafunzi wa sheria anayefanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya wakili hapa Tanzania hutumwa mahakamani karibu kila siku, na mara nyingi anaporudi huulizwa mambo mawili tu: waraka umesajiliwa lini, na jalada liko wapi.

Nyaraka nyingi siku hizi huwasilishwa kwa njia ya mtandao, na Kanuni za mwaka 2018 zinautambua waraka uliowasilishwa kabla ya saa sita usiku kuwa umewasilishwa siku hiyo. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema katika shauri la John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza kwamba tarehe ya kusajiliwa ni ile ambayo ada imelipwa, si ile ambayo karatasi zilipokelewa masjala. Nilifundishwa kuchukua tarehe iliyo salama zaidi, yaani ya malipo, na sijaona sababu ya kuacha utaratibu huo.

Chukua mfano wa mdaiwa aliyepokea wito na hati ya madai Jumatatu, tarehe 4 Machi 2024. Siku 21 za kuwasilisha hati ya utetezi zinaanza kuhesabiwa tarehe 5, kwa hiyo siku ya mwisho ni tarehe 25 Machi. Ukiwasilisha tarehe 25 jioni, na karani akaupitia waraka na kutoa namba ya malipo kesho yake asubuhi, risiti itasoma tarehe 26, na wakili wa upande wa pili ataishikilia tarehe hiyo. Kwa sababu hiyo wasilisha siku kadhaa kabla, rudi kwenye mfumo kuona kama waraka umekubaliwa au umerejeshwa, lipa siku hiyo hiyo namba inapotoka, kisha utunze risiti pamoja na nakala ya hati.

Kulifuatilia jalada lenyewe ni kazi ya subira. Usiulize tu, «Jalada lipo?», maana jibu la haraka litakuwa «Halipo», nalo halikupi pa kuanzia. Taja aina ya shauri, namba, mwaka, majina ya wadaawa, hakimu na tarehe ya mwisho lilipotajwa. Jalada lisilokuwa rafuni huwa mara nyingi kwa hakimu likisubiri uamuzi, kwa mpiga chapa, au limeitishwa na mahakama ya juu kwa ajili ya rufaa. Pengine limeambatanishwa na jalada la maombi madogo yaliyotokana na shauri lile lile. Hapo utalipata kwa namba ya maombi, hata kama namba ya shauri la msingi haikuleta chochote. Daftari la mwenendo wa majalada huonyesha nani alilichukua na lini, kwa hiyo mwombe karani kwa adabu alitazame (makarani wa masjala wanajua mengi kuliko yanayoandikwa humo).

Jalada likipatikana, omba kuhakikisha kwamba hati yako imo ndani. Ikiwa haimo, mwonyeshe karani risiti papo hapo, na umwarifu wakili wako kabla ya tarehe ya kutajwa.