DP na HDMI: waya unaingia, picha haiji

Shikamoo fundi. Nimeletewa monita used toka Dar, ina tundu la DisplayPort, yaani DP, na la VGA tu. Laptopu yangu ina HDMI. Nikanunua waya wa DP kwenda HDMI, nachomeka inaandika No Signal. Waya mbovu? – Lindi mjini

Marahaba mwanangu. Waya wako mzima kabisa, ila umeugeuza, na hili nakutana nalo karibu kila wiki hapa Mtwara. Huo waya una njia moja tu, picha inatoka upande wa DP inaenda upande wa HDMI, basi. Ukitaka kuhakikisha tafuta sipiyu yenye DP uichomeke kwenye tivii ya HDMI kwa waya huohuo, utaona picha inakuja.

Sababu ni kwamba DP na HDMI hazipishani umbo la kichwa tu, zinaongea lugha mbili. DP inatuma data kwa vifurushi vifurushi, HDMI ina mtindo wake na umeme wake. Sasa kompyuta nyingi zenye DP zimefundishwa lugha zote mbili, zikihisi kuna adapta ya HDMI zinabadilika zenyewe, waya unabaki kurekebisha umeme tu. Laptopu yako yenye HDMI haikufundishwa hivyo, na tundu la DP la monita nalo halijui HDMI, kwahiyo wanaangaliana tu.

Unachotakiwa kutafuta ni kibadilishi chenye chipu, kimeandikwa HDMI to DP kwa mpangilio huohuo, HDMI ikiwa ndo kichwa kinachoingia kwenye laptopu. Dalili yake kubwa ni kamkia ka USB kanakoning'inia pembeni. Kale sio pambo, kanavuta umeme, maana tundu la HDMI linatoa volti 5 lakini mkondo wake ni mdogo mno kulisha hiyo chipu. Usipokachomeka utarudi dukani kugombana bure.

Ila kabla hujatuma hela Kariakoo, si umesema monita ina VGA? Adapta ya HDMI kwenda VGA ni rahisi kupata na haina makuu, kwa kazi za Word na Excel inakutosha. Herufi zitakuwa na ukungu kidogo na sauti haipiti VGA, utasikilizia kwenye laptopu.

Mi ni kinyume, sipiyu ya ofisini ina DP mbili, monita ya HDMI. Dukani kuna adapta ya bei chee na nyingine ghali, zote zimeandikwa DP to HDMI. Nichukue ipi? – Masasi

Monita yako ikiwa ya 1080p chukua ya bei chee ulale. Angalia kwanza pembeni ya tundu la sipiyu kama kuna alama ya D na P zimefuatwa na jumlisha mbili, hiyo ndo inayojua kuongea HDMI. Zile sipiyu za maofisini zinazokuja used nyingi wanayo.

Ile ghali ina chipu ndani inayotafsiri yenyewe, na unaihitaji ukiwa na monita ya 4K. Zile za bei chee za zamani zinaishia 1080p ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, za toleo lililofuata zinafika 4K lakini kwa hezi 30, mausi inaonekana inakokota kama ina malaria. Jamaa mmoja alinililia kwamba monita yake mpya nzito, nikafungua Windows pale Display halafu Advanced display, ikasoma 30 Hz, monita haina kosa. Tukabadilisha adapta tu, tena ile iliyoandikwa 4K 60Hz kwenye boksi, maana ukiona 4K peke yake bila namba ya hezi usiamini.

Monita ya gemu hezi 144, pande zote zina DP na HDMI. Nitumie ipi? – Mikindani

DP. Baadhi ya monita za hivyo tundu lake la HDMI linaishia hezi chini ya hapo. Sauti isikutishe, inapita kwenye zote mbili.

Waya wa DP umegoma kuchomoka, nimevuta mpaka monita inataka kuanguka. – Newala

Acha kuvuta kaka! Pitisha kidole juu ya kichwa cha waya utakuta kitufe, kibonyeze mpaka mwisho ndo uvute taratibu. Kina vijino viwili vya chuma vinavyong'ata ndani, HDMI haina hivyo ndo maana watu wanazoea kung'oa tu. Mi mwenyewe nilishawahi kung'oa tundu zima kwenye monita ya mteja, likatoka limeng'ang'ania waya, na monita nikailipa.