Skrambo: tuchague mpira upi?

"Jumamosi ofisi yetu inacheza skrambo, gofu ya timu ya watu wanne, hapa Nakuru. Wawili tunajua gofu, wawili hawajawahi. Lazima tuchukue mpira uliofika mbali zaidi?"

Hapana. Nyote wanne mnapiga, mnakubaliana mpira mmoja, mingine mnaiokota, kisha kila mtu anapiga kutoka hapo. Lakini ukiwa kwenye nyasi ndefu, wote mnapigia kwenye nyasi ndefu, hamruhusiwi kuutoa. Kwa hiyo mita 170 katikati ya uwanja ni bora kuliko mita 220 nyuma ya mti, hasa kwa hao wageni wawili. Wakipiga ovyo timu haipotezi kitu, bora mmoja wenu awe amepiga vizuri.

Karibu na shimo, mgeni apige kwanza muone mpira unavyopinda, fundi awe wa mwisho. Ila mgeni akikosa kidogo asiusukumize ndani kwa mazoea! Ukiingia, mpigo huo wa ziada umehesabiwa, na wenzake hawapigi tena.

— Si kila mtu huendelea na mpira wake, kisha mnaandika alama ya aliye bora?

Huo ni mchezo mwingine, ndugu. Huko mgeni hutembea tu.

— Sisi Kisumu kila mtu lazima mpigo wake wa kwanza utumike mara 3. Mgeni wetu alibakiza yote hadi mashimo ya mwisho, tukaumia.

Kweli, waulizeni waandaaji mapema. Kama sharti lipo, mpigo wa mgeni ukitua pazuri kwenye shimo fupi, uchukueni hapo hapo, hata kama wa fundi umeupita.