Kihisi cha tanki si kibovu: kwa nini kasi ya maji inatoka miiba mitupu

"Wakuu, nimefunga kihisi cha kina kwenye simtank la lita 5000. Kina kinasoma vizuri tu, lakini nikitoa kipimo cha sasa na cha nyuma nipate lita kwa dakika, grafu ni miiba mitupu, mara 150 mara hasi 90. Nimeongeza kasi ya kupima hadi kila sekunde, ndiyo imezidi kuharibika. Ninunue kihisi kingine?"

Mkuu, usinunue kwanza. Nimepita njia hiyohiyo kwenye jengo la ghorofa ninalosimamia maji Sinza, na nilipoteza karibu mwezi mzima nikibadilisha waya na vihisi wakati tatizo lilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Fundi wangu wa bomba ndiye aliyenizindua. Nilimwonyesha grafu kwenye simu akaitazama kidogo, akaniambia: "Kaka, hapa panasema maji yanaingia na kutoka mara kumi kwa dakika moja. Tanki gani hilo?"

Nitakupa namba za tanki langu, wewe weka zako. Kipenyo ni mita 1.8, kwa hiyo eneo la uso wa maji ni kama mita za mraba 2.54, na kila milimita moja ya kina ni lita 2.54. Kihisi ni cha mawimbi ya sauti, kipo juu kwenye mfuniko kikitazama chini. Usiku mmoja nilifunga koki zote na pampu nikaacha kirekodi. Maji yalitulia, lakini vipimo viliruka juu na chini kwa mkengeuko sanifu wa milimita 2 hivi. Kwa kujua kina hiyo ni sawa na lita 5 katika 5000, huwezi hata kulalamika.

Sasa tafuta kasi. Nilikuwa napima kila sekunde 5. Ukitoa vipimo viwili, kelele zao, yaani hiyo mirukoruko isiyo ya maji, hazifutani. Kila kimoja kina yake, na zikiungana zinakuwa milimita 2.8. Gawa kwa sekunde 5, zidisha kwa lita 2.54, kisha kwa sekunde 60: unapata kelele ya lita 86 kwa dakika. Pampu yangu inaingiza lita 40. Yaani kelele ni zaidi ya mara mbili ya kitu ninachotafuta. Na ukipima kila sekunde, kelele ya tofauti ni ileile lakini unagawa kwa 1 badala ya 5, kwa hiyo inafika lita 430 kwa dakika. Ndiyo maana yako imezidi. Kadiri unavyosogeza vipimo karibu ukidhani unaikaribia kasi ya kweli, ndivyo unavyoikimbia.

Kiini chake kiko hivi. Chukua wimbi dogo juu ya maji, milimita 1 tu, linalojirudia kila sekunde 100. Kwenye kasi linaongeza kama lita 10 kwa dakika. Lifanye lijirudie kila sekunde 10, kimo chake kikiwa kilekile milimita 1: sasa linaongeza lita 96. Liharakishe zaidi, kasi inapanda bila kikomo, ilhali kwenye grafu ya kina hata jicho halioni kitu. Kosa dogo upande wa data linazaa kosa kubwa kiasi chochote upande wa jibu. Mwanahisabati Mfaransa Jacques Hadamard ndiye anayehusishwa na masharti matatu ya tatizo lililokaa sawa: jibu liwepo, liwe moja, na data ikitikisika kidogo jibu nalo litikisike kidogo. Hili la kutafuta kasi kutoka kwenye vipimo linafeli hilo la tatu. Kihisi bora kingekupunguzia kelele, lakini ugonjwa ungebaki palepale.

Dawa yake ni kukubali kupoteza kitu. Unaiambia hesabu: kasi ya maji haiwezi kurukaruka ovyo, kwa hiyo usiamini mirukoruko ya haraka. Njia rahisi kuliko zote ni kuchukua vipimo vya muda fulani, tuseme dakika 2, ukapitisha mstari ulionyooka katikati yake, na mteremko wa mstari huo ndio kasi. Kisha unasogeza dirisha hatua moja mbele na kurudia.

Hapa ndipo biashara yenyewe ilipo, na naomba uitazame kwa namba. Kwa vipimo vyangu vya kila sekunde 5, dirisha la dakika 1 linashusha kelele kutoka lita 86 hadi 4.5 kwa dakika. Dirisha la dakika 2 linaishusha hadi 1.7. Dirisha la dakika 5 hadi 0.44. Ukiishia hapo utasema basi weka dakika 5, hata 10. Lakini chukua mpangaji aliyefungua bomba la kujazia ndoo kwa dakika 1 kamili, lita 40 zimetoka. Dirisha la dakika 1 linakuonyesha kilele cha lita 40 kwa dakika, sawasawa. La dakika 2 linakuonyesha kilele cha 27. La dakika 5 linasema 12, na limelisambaza tukio hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyodumu. Hiyo siyo kelele. Ukirudia mara mia utapata 12 mara zote. Ni upotoshaji, na ni mbaya kwa sababu grafu yake inapendeza, haina miiba, na hakuna kinachokuonya.

Geuza upande wa pili: bomba la choo linavuja lita 1 kwa dakika. Kwenye dirisha la dakika 1 limezama ndani ya kelele ya 4.5, hulioni. Kwenye la dakika 5 linasimama wazi juu ya 0.44. Kwa hiyo swali la "dirisha gani sahihi" halina jibu mpaka useme unatafuta nini. Mimi nakokotoa mara mbili kwa data ileile: dirisha fupi kujua pampu imewaka lini, refu kukamata uvujaji.

Kuhusu kupima kila sekunde, huna haja ya kuacha. Kosa lilikuwa kutoa vipimo viwili vinavyofuatana. Ukishika dirisha lilelile la dakika 1 ukawa na vipimo 61 ndani yake badala ya 13, kelele inashuka kutoka 4.5 hadi 2.2, mradi kelele ya kipimo kimoja haitegemei ya jirani yake.

Baadaye niliacha madirisha nikahamia kwenye kulainisha kwa adhabu. Wazo linafanana na lile la Mrusi Tikhonov la mwaka 1963, na Whittaker alikuwa amelitumia kwa majedwali tangu 1923: tafuta mstari ulio karibu na vipimo, lakini utozwe faini kila unapopinda. Ukubwa wa faini ni namba moja, lamda.

```python
import numpy as np
from scipy import sparse
from scipy.sparse.linalg import spsolve

def lainisha(y, lam):
    n = len(y)
    D = sparse.diags([1, -2, 1], [0, 1, 2], shape=(n - 2, n))
    A = sparse.eye(n) + lam * (D.T @ D)
    return spsolve(A.tocsc(), y)

z = lainisha(kina_mm, 1e4)
lita_kwa_dakika = np.gradient(z, 5.0) * 2.54 * 60
```

Usibadilishe lamda kidogokidogo, hutaona tofauti. Lamda inakua kwa kipeo cha nne cha upana wa kulainisha: ukitaka upana mara mbili, zidisha lamda kwa 16. Jaribu 100, kisha 10,000, kisha 1,000,000.

Kuichagua, rudi kwenye ule usiku wa koki zilizofungwa. Toa mstari laini kutoka kwenye vipimo vya siku ya kawaida, upate mabaki, na upime mkengeuko wake. Kelele yangu naijua ni milimita 2. Mabaki yakiwa 1, lamda ni ndogo na mstari unafuata kelele. Yakiwa 3.5, milimita zilizozidi ni maji ya kweli yaliyofutwa. Napandisha lamda mpaka mabaki yakaribie 2 kisha narudi nyuma kidogo, maana kipimo hiki huelekea kulainisha kupita kiasi.

Lakini namba moja ya jumla inaweza kukudanganya, kwa hiyo tazama mabaki kwa macho pale pampu inapowaka. Kina kinapanda ghafla, pana kona, na adhabu haipendi kona. Nilipoweka lamda kubwa niliona mabaki hasi zaidi ya kumi mfululizo kwenye kila kona ya pampu kuwaka, wakati kelele halisi hubadilisha alama hovyo. Tena grafu ilisema maji yameanza kuingia nusu dakika kabla fundi hajabonyeza swichi. Ukiona maji yanatangulia pampu, umelainisha kupita kiasi. Kwa vitu vya kuwaka na kuzima ipo adhabu nyingine inayotoza ukubwa wa mruko wa kasi bila kuupandisha kipeo cha pili. Hiyo inaacha kona zikiwa kali, ila inapunguza kimo cha matukio mafupi na kugeuza mabadiliko ya polepole kuwa ngazi.

Kuna kosa ambalo lamda yoyote haitalisafisha, na kwa joto la Dar utakutana nalo. Sauti huenda haraka zaidi hewa ikipata joto, kama asilimia 0.17 kwa kila nyuzi moja. Hewa ndani ya tanki jeusi juani ikipanda nyuzi 10, umbali wa mita 1 unasomeka pungufu kwa milimita 17 hivi. Hiyo ni lita 43 za uongo. Asubuhi tanki linaonekana linajaa lenyewe, jioni linaonekana linavuja kama lita 0.25 kwa dakika iwapo hewa itapoa ndani ya saa tatu. Ni badiliko la polepole, linapita kwenye kila kichujio kama maji halali. Nilifunga kipimajoto ndani ya tanki na kusahihisha umbali kabla ya kulainisha.

Na kama unachotaka ni jumla ya lita zilizotumika leo, usitafute kasi kabisa. Chukua kina cha mwanzo na cha mwisho cha kila kipindi pampu ikiwa imezimwa, utoe. Kelele inabaki lita 7 hivi kwa kila kipindi, haikuzwi na chochote.

Usiku wa leo funga koki, rekodi saa moja, kisha weka hapa mkengeuko uliopata, kipenyo cha tanki, na tukio fupi kuliko yote unalotaka kuliona. Kwa hizo tatu nitakukokotolea dirisha.